Shati jeupe moja, ofisini na wikendi: nibadilishe nini lisionekane lilelile?

Karani_wa_Mapokezi
Habari za humu wakuu. Nina shati jeupe la wazi, halina ua wala mfuko. Kola ya kawaida, mikono mirefu, kitambaa ni poplini ya pamba. Pindo limekatwa mviringo, yaani mbele na nyuma linashuka, ubavuni limepanda. Mabegani limenikaa kama lilishonewa mimi, ndiyo maana sitaki kuliacha.

Tatizo ni kwamba kazini nakaa mapokezi, kila anayeingia ananiona mimi kwanza. Nikilivaa Jumatatu nikalirudia Alhamisi najiona kama niko kwenye sare. Wikendi nalo linabaki kabatini, maana nikilivaa na jinzi nahisi nimetoroka kazini sasa hivi tu.

Nilichonacho cha kuvaa nacho: suruali nyeusi ya kitambaa ya kiuno cha juu, sketi ya kijivu ya kubana inayofika gotini, kadeti ya rangi ya udongo, jinzi mpya ya buluu iliyokolea, sweta jepesi lenye shingo ya V, na gauni jeusi la mikanda. Koti sina na sitaki kununua chochote kwa sasa. Nipeni maujanja ya kulivaa hilo moja kwa namna tofauti.

Mpita_Njia
Nunua matano yanayofanana, kila siku unavaa safi. Hakuna atakayejua. Uzi ufungwe.

Karani_wa_Mapokezi
Mkuu, nimesema sitaki kununua. Halafu hayo matano yakifanana si ndiyo sare yenyewe?

Fundi_Chaki
Dada, nashona mashati, acha nikujibu kwa jicho la fundi.

Mtu akikutazama ukiwa umevaa shati hatazami shati zima. Macho yanapita sehemu tatu: shingoni, mikononi na kiunoni. Shati jeupe halina maua ya kumshika mtu macho, kwa hiyo hizo sehemu tatu ndizo zinazobaki kichwani mwake. Ukibadilisha mbili kati ya hizo tatu, hata ukiwa na suruali ileile, mtu anaona vazi jingine. Ukibadilisha sketi tu ukaacha kola, mikono na kiuno vilevile, anaona shati lilelile la Jumatatu. Nadhani ndicho kinachokutokea.

Kwa vitu ulivyovitaja, mimi ningeanza hivi.

Jumatatu ya wageni: suruali nyeusi, shati limechomekewa lote, mikono imeshuka na kafu zimefungwa, kifungo kimoja tu cha juu kiko wazi. Hapo ndipo shati linatakiwa liwe limetoka kwenye pasi. Ukishamaliza kuchomekea, nyanyua mikono yote miwili juu kabisa kisha ishushe. Shati litajivuta lenyewe nje kidogo, kadiri mwili wako unavyohitaji. Usilirudishe ndani. Ukilirudisha, kila ukimpokea mtu barua litavutika tena, na utashinda unajichomekea mbele ya wageni.

Alhamisi: sketi ya kijivu, na sweta la V juu ya shati. Hapa shati linabaki kola na kafu tu. Mikono ya sweta ivute juu kidogo, kafu nyeupe ichungulie kama sentimita moja na nusu hivi. Shingoni pamebadilika, mikononi pamebadilika, na kiunoni hapaonekani kabisa. Kwa siku hiyo hata pasi unaweza kupiga kola, kafu na kifua tu.

Ya Ijumaa nitarudi kuieleza, kwa sababu mikono iliyokunjwa ina maneno mengi.

Nipo_Nasoma
Naweka kambi hapa.

Mnyoosho_Safi
Fundi kasema vizuri ila kasahau kitu cha msingi. Shati jeupe ni weupe wake. Likishafifia hata ulivae namna kumi halina maana. Dada, kila ukifua loweka kwenye dawa ya klorini, na ndani vaa singlendi nyeupe kila siku ili lisionyeshe. Pasi iwe ya moto kweli na shati liwe na unyevu kidogo. Anza na kola, malizia na mgongo. Mimi mashati yangu yanakata jicho.

Fundi_Chaki
Mnyoosho, ya pasi nakuunga mkono kabisa. Kola pigeni upande wa ndani kwanza, kutoka kwenye ncha kwenda katikati, ili mikunjo ikijikusanya ikusanyike nyuma ya shingo, isibaki kwenye ncha ambako kila mtu anaiona.

Hayo mengine mawili hapana.

Singlendi nyeupe ndiyo inayoonekana kuliko zote chini ya shati jeupe. Poplini ni nyembamba, kinachoonekana ni ile tofauti kati ya rangi ya ngozi na rangi ya nguo ya ndani. Ngozi ya kahawia, halafu ghafla mstari mweupe begani na kifuani. Ukivaa ya rangi inayokaribia ngozi yako, mstari unapotea. Usikubali maneno yangu tu: ingiza mkono ndani ya shati ukiwa umeshika kipande cheupe, kisha kipande cha rangi ya ngozi yako, tazama karibu na dirisha. Na sidiria ni vivyo hivyo.

Klorini nayo kwa pamba tupu yenye doa la chai inasaidia mara mojamoja. Ila ile njano ya kwapani inatokana na jasho likikutana na dawa za kuzuia jasho zenye alumini, na klorini huwa inaizidisha. Ikizoeleka inadhoofisha hata nyuzi zenyewe, kola inaanza kuchanika kwenye mkunjo. Na kama shati lina nyuzi za kuvutika ndani yake, klorini inazigeuza njano na kuziua.

Njano ya kwapani loweka na unga wa kung'arisha wa oksijeni kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa kadhaa, kisha fua kama kawaida. Na hakikisha doa limetoka kabla ya kupiga pasi. Joto la pasi likilipitia doa lililobaki, ndiyo umelipa makazi ya kudumu.

Mnyoosho_Safi
Ya singlendi nimejaribu sasa hivi na mkono dirishani. Haya, hapo nimekuelewa. Klorini naendelea nayo, mashati yangu ni pamba tupu na hiyo njano sina.

Fundi_Chaki
Basi usizidishe kipimo, na usiichanganye na siki kwenye beseni moja. Inatoa hewa ya sumu.

Kitambi_Mbele
Samahani naingilia. Mimi ni mwanaume, nina shati jeupe pia, na tatizo langu si namna za kulivaa. Halikai ndani ya suruali! Nikichomekea asubuhi, nikifika kazini limeshatoka, limevimba pande zote mbili kiunoni kama puto. Nimekaza mkanda mpaka pumzi inagoma. Je hilo la kunyanyua mikono litanisaidia?

Fundi_Chaki
Mkuu, kwako kuna mambo mawili yanafanana ila tiba yake ni tofauti, lazima ujue lako ni lipi.

Simama mbele ya kioo shati likiwa nje ya suruali, nyanyua mkono mmoja kama unashika bomba la basi. Pindo likipanda sana upande huo, ugonjwa uko kwapani: duara la mkono limekatwa chini mno. Kwapa likiwa chini, mkono ukipanda unabeba shati zima. Likikatwa juu karibu na kwapa lako, mkono unapanda shati linabaki. Hilo mkanda hauliwezi, na fundi naye hawezi kulirekebisha kirahisi, kwa sababu kitambaa kilichokatwa pale hakipo tena. Njia yako ni shati jingine siku ukinunua. Jaribu kunyanyua mikono dukani kabla ya kulipa.

Pindo lisipopanda sana, basi shati ni pana tu kiunoni. Hiyo ina dawa ya bure. Chomekea shati lote. Shika kitambaa kinachozidi kwenye mshono wa ubavuni, kila upande kwa mkono wake, kivute kwa nje mpaka shati likae sawa mwilini. Halafu kikunje kuelekea mgongoni kilale bapa, ndipo ufunge suruali na mkanda juu yake. Mbele panakuwa shwari na mikunjo miwili inabaki nyuma imejificha. Askari wamezoea kuchomekea hivyo.

Ila mkuu, angalia pia suruali inakaa wapi. Ukiivaa chini ya tumbo, hakuna shati litakalokaa. Tumbo linalisukuma kila ukiinama.

Kitambi_Mbele
Naivaa chini ya tumbo 😅 Juu ya tumbo najiona kama babu.

Shangazi_wa_Ofisi
Babu nadhifu ni bora kuliko kijana anayejichomekea kila dakika, mwanangu.

Kitambi_Mbele
Shikamoo shangazi. Nimekubali kushindwa.

Shangazi_wa_Ofisi
Marahaba.

Fundi_Chaki
Narudi kwa mtoa uzi, Ijumaa.

Kadeti ya udongo, mikono imekunjwa, shati limechomekewa mbele tu.

Watu wengi wanakunja mikono vibaya: kafu juu ya kafu, kunja, kunja, kunja, mpaka inakuwa kitanzi kinene kinachobana mkono na kuteleza kila baada ya nusu saa. Fanya hivi. Fungua kifungo cha kafu na kile kidogo kilicho juu yake kama kipo. Pindua kafu ndani nje, uivute kwa mkupuo mmoja mpaka karibu na kiwiko, usiikunje njiani. Sasa sehemu ya chini ya mkono wa shati imegeuka nje-ndani. Shika pale chini ilipopindukia, ikunje juu mara moja tu mpaka ifunike nusu ya kafu. Ukingo wa kafu unachungulia juu. Kafu ina kitambaa kigumu ndani yake, ndicho kinachoshikilia kila kitu, kwa hiyo haiteremki. Akifika mgeni wa ghafla unavuta ukingo wa kafu, mkono wote unashuka kwa mara moja.

Kiunoni, chomekea kile kipande cha mbele tu chenye vifungo, kutoka kitanzi cha mkanda cha kushoto mpaka cha kulia. Ubavuni na nyuma acha lianguke. Shati lako linafaa kwa hili kwa sababu pindo lake limepanda ubavuni. Lililokatwa sawasawa chini linaninginia kama pazia. Kisha geuka utazame nyuma kwenye kioo. Mkia wa shati ukiishia katikati ya makalio, uko salama. Ukifunika makalio yote, acha, chomekea lote, maana miguu itaonekana mifupi na utakuwa kama umesahau kumaliza kuvaa.

Shangazi_wa_Ofisi
Fundi nakuheshimu, lakini hapo kwa mapokezi sikubaliani nawe. Nimesimamia watu ofisini muda mrefu. Mapokezi si mahali pa shati nusu ndani nusu nje. Mgeni haji na kitabu cha mitindo, anaona mtu aliyevaa haraka. Mikono iliyokunjwa sina neno. Kiuno kichomekewe.

Dogo_Kadeti
Shangazi, ofisi zimebadilika. Kwetu hata mkubwa wa ofisi anachomekea mbele tu Ijumaa. Na dada anakaa nyuma ya meza, nani ataona kiuno?

Shangazi_wa_Ofisi
Mpokeaji wageni husimama, mwanangu. Anasimama kusalimu, anasimama kuelekeza. Anayekaa nyuma ya meza siku nzima ni mhasibu.

Dogo_Kadeti
Anasimama sekunde kumi.

Shangazi_wa_Ofisi
Zinatosha.

Fundi_Chaki
Hilo ni la desturi ya ofisi yake, mimi naishia kwenye kitambaa. Dada ataangalia wenzake wanavaaje Ijumaa.

Mama_Kitani
Swali dogo. Mimi shati langu jeupe ni la kitani. Naweza kufuata haya haya?

Fundi_Chaki
Ya mikono iliyokunjwa na ya kuacha nje, sana tu, kitani ni mwenyewe hapo. Ya Jumatatu hapana. Kitani hujikunja ukikaa tu kwenye kiti, na hakuna pasi itakayokufikisha mchana. Kwenye sweta nayo sikushauri, ni kinene zaidi ya poplini, mikono inajazana ndani ya mikono.

Karani_wa_Mapokezi
Nimerudi wakuu, asanteni wote. Nimejaribu.

Sweta na sketi imenikubali, mwenzangu kaniuliza kama nimenunua nguo mpya. Mikono iliyokunjwa ni kweli haishuki. Ijumaa nilichomekea lote, shangazi umeniogopesha.

Sasa shida mbili. Ya kwanza: Jumatatu nilisoma pale Fundi alipomwelekeza Kitambi, nikakunja ubavuni na kulaza nyuma ili kiuno kionekane. Kiuno kilitokea vizuri, ila kifuani, kati ya kifungo cha pili na cha tatu, pakawa panafunguka kama mdomo. Nilikaa nimeshika faili kifuani asubuhi yote. Kabla sijakunja halikuwa hivyo.

Ya pili: sketi ni ya kubana, mkia wa shati unachoreka kwa nyuma. Nikigeuka unaona mstari wa pindo.

Fundi_Chaki
Ya kwanza umejibu mwenyewe bila kujua. Ule mkunjo wa nyuma haupunguzi shati nyuma tu. Unavuta kitambaa kutoka mbele kukipeleka mgongoni. Kwa mtu ambaye kifua si kipana kuliko kiuno, kama Kitambi, mbele kuna cha kuvutwa. Kwako kitambaa cha kifuani kilikuwa kinatosha kwa kubahatisha, ukavuta sentimita chache kila upande, vifungo vikabaki peke yao vinashindana na kifua.

Kwa hiyo wewe usikunje ubavuni. Chomekea, nyanyua mikono, shusha, basi. Kama unataka kiuno kionekane zaidi, peleka kwa fundi achukue mgongoni tu, mikunjo miwili mirefu ya kushonwa chini ya mabega mpaka kiunoni. Hiyo haigusi kifua. Ila ujue shati likishabanwa kiunoni, halitakaa vizuri tena ukilivaa wazi kama koti wikendi. Chagua lipi unalitaka zaidi.

Na hata bila kukunja, kwa usalama shona kifungo cha kubonyeza, kile kidogo cha chuma, upande wa ndani katikati ya kifungo cha pili na cha tatu. Kipime ukiwa umelivaa, si likiwa mezani. Vaa, kaa kwenye kiti, nyoosha mikono mbele kama unaandika, uweke alama ya chaki pale panapofunguka zaidi. Huwa ni usawa wa kilele cha kifua, na si lazima iwe katikati kabisa. Uzi usitokee nje.

Shangazi_wa_Ofisi
Na ya pili nikujibu mimi. Vaa shimizi. Shati lipite chini ya shimizi, si juu yake: shati kwanza, shimizi juu ya mkia wa shati, kisha sketi. Shimizi linaulaza mkia na sketi inateleza juu yake. Wasichana wa siku hizi mmeliacha shimizi ndiyo mnahangaika.

Karani_wa_Mapokezi
Shangazi hiyo sikuwahi kuifikiria. Shimizi ninalo.

Nipo_Nasoma
Wikendi sasa jamani. Mimi ofisi sina.

Fundi_Chaki
Wikendi kanuni ni ileile ya sehemu tatu, ila unaenda mbali zaidi. Kinachomfanya dada ahisi yuko kazini na jinzi ni kwamba analivaa kama la kazini: limechomekewa, mikono chini, kola imesimama. Jinzi peke yake haiwezi kulitoa shati ofisini.

Namna ya kwanza, juu ya gauni jeusi la mikanda. Fungua vifungo vyote, vaa shati kama koti jepesi, mikono ikunje kama nilivyoeleza lakini ovyo kidogo. Kisha chukua ncha mbili za mbele, zifunge fundo moja mahali kiuno chako kilipo chembamba. Fundo moja, si mawili. La pili linafanya kitambaa kisimame kama sikio. Nyuma vuta kidogo lijae, lisibane mgongo. Hapo gauni limekuwa kama sketi, na shati halikumbushi ofisi hata kidogo.

Tahadhari yake: poplini ikifungwa fundo na kukaliwa inashika mikunjo ambayo pasi kavu haitoi. Inabidi unyunyizie maji, uache yaingie, ndipo upige. Kwa hiyo fundo lifunge siku ya mwisho kabla ya kufua. Usilifunge Jumapili jioni ukategemea Jumatatu ya wageni.

Namna ya pili, jinzi. Kola vuta nyuma kidogo, yaani shika shati mgongoni chini ya shingo ulishushe kama vidole viwili. Vifungo viwili au vitatu vya juu wazi, na ndani ile singlendi ya rangi ya ngozi ivuliwe, vaa ya rangi inayoonekana kusudi, nyeusi kwa mfano. Ofisini tunaficha cha ndani, wikendi tunakionyesha. Mbele chomekea nusu moja tu, ule upande wenye vifungo au ule wenye matundu, mwingine uanguke. Raba au sandali.

Dogo_Kadeti
Kwa wanaume ya fundo tunaruka, ila shati wazi juu ya fulana ya rangi moja na kaptula inakubali. Kola tu usiisimamishe, utaonekana unaigiza.

Jinzi_Kongwe
Ngojeni kwanza! Kasema jinzi yake ni MPYA na buluu iliyokolea. Dada, usichomekee shati jeupe humo kabla hujaifua hiyo jinzi. Rangi ya buluu ya jinzi haizami ndani ya uzi, inakaa juu juu, kwa hiyo inasugulika. Jasho la kiunoni likiongezeka, pindo la shati linageuka bluu hafifu, na mkanda mweusi mpya nao unaweza kuacha mstari.

Chukua kitambaa cheupe, kilowanishe, sugua kwa nguvu upande wa ndani wa kiuno cha jinzi. Kikitoka na bluu, bado. Ifue peke yake, igeuze ndani nje, rudia mpaka kitambaa kitoke safi au karibu na safi. Na hizo chumvi na siki mnazoambiana kwamba zinafunga rangi ya jinzi, mimi sijaona zikifunga chochote. Kufua ndiko kunakoondoa ile ya ziada.

Mnyoosho_Safi
Na bluu ikishaingia kwenye shati, klorini?

Jinzi_Kongwe
Kwa pamba tupu klorini huwa inaitoa hiyo bluu, hapo sikatai. Ila unaitumia kwenye pindo tu, si kulowanisha shati lote mpaka kwapani. Mimi ningeanza na ule unga wa oksijeni.

Mnyoosho_Safi
Angalau mara moja klorini imetajwa kwa heshima.

Karani_wa_Mapokezi
Jinzi_Kongwe umeniokoa, nilikuwa nalivaa kesho. Nimesugua kitambaa sasa hivi, kimetoka bluu ya kweli kweli. Jinzi iko kwenye beseni peke yake. Kesho nalivaa juu ya gauni.

Swali la mwisho. Kwenye sweta la V, ncha za kola ziwe ndani ya sweta au nje? Zangu nikigeuza shingo moja inaruka nje, moja inabaki ndani.

Dogo_Kadeti
Nje zote mbili. Inakuwa na ujana.

Shangazi_wa_Ofisi
Ndani. Za nje ni za watoto wa shule.

Fundi_Chaki
Kwa shingo ya V mimi naweka ndani, kwa sababu ile V yenyewe tayari ni fremu ya kola. Inaruka kwa sababu kola yako ni laini au ncha ni fupi. Geuza kola utazame upande wa chini: kama kuna vijimfuko vyembamba karibu na ncha, vimewekwa kwa ajili ya vijiti vya kola, vya plastiki au chuma. Ukipata vijiti vya urefu wa mfuko, vichomeke, ncha hazitaruka. Vitoe kabla ya kufua na kabla ya pasi, la sivyo vitaacha alama juu ya kola.

Kama vijimfuko havipo, funga kifungo kimoja zaidi cha juu siku ya sweta. Kola inasogea karibu na shingo na ncha zinaingia ndani zaidi.

Karani_wa_Mapokezi
Vijimfuko vipo! Vijiti havimo, nadhani vilipotea kwenye kufua. Nikikata kadi ngumu ya plastiki iliyoisha muda itafaa?

Fundi_Chaki
Itafaa. Kata nyembamba, mwisho mmoja uufanye mviringo kwa mkasi na mwingine uwe na ncha, kisha isugue kwenye msasa isije ikatoboa kitambaa. Ile yenye ncha ndiyo itangulie kuelekea kwenye pembe ya kola.

Mama_Kitani
Na kwa kitani kola haina mfuko, inalala yenyewe siku nzima. Nifanyeje?

Shangazi_wa_Ofisi
Iache ilale. Umevaa kitani.